Kufuta tatuu kwenye picha ya mtu: uliza kwanza, halafu ufute vizuri

Wiki iliyopita nilisema nitaeleza namna ya kufuta tatuu kwenye picha ya modo au ya mteja, maana inboksi yangu imejaa swali hilo. Wauza madera wanauliza, wauza mitandio, wauza vipodozi, hadi wale wenzangu wa picha za fremu. Nitaeleza hatua kwa hatua, ila lazima nianze na kosa nililolifanya mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha nusu ya kazi hii.

Nilikuwa na madera mapya, mzigo wa shingo pana. Nikamchukua dada mmoja wa mtaani kwetu awe modo, tukapiga picha nzuri kweli, mwanga wa asubuhi, ukuta mweupe nyuma. Chini kidogo ya mfupa wa bega alikuwa na tatuu ndogo, jina la herufi nne na tarehe. Mimi nikawaza wateja wangu, wengi ni akina mama watu wazima, wengine wa swala tano, nikasema hii tatuu itanichomea biashara. Nikafungua simu, nikaifuta, nikaposti. Sikumwambia, na wala haikunijia akilini kwamba kulikuwa na kitu cha kumwambia.

Jioni akanitumia meseji moja tu: "Dada, kwa nini umemtoa mwanangu?" Lile jina lilikuwa la mtoto wake aliyefariki akiwa mchanga, na ile tarehe ndiyo siku aliyozaliwa. Picha nilizonazo mimi za huyo dada ni za kuuzia madera. Kwake, zile zilikuwa picha nzuri za kwanza kupigwa tangu msiba, na alishawaambia ndugu zake waziangalie. Nilishusha posti, nikaenda kwake kwa miguu kuomba radhi. Alinisamehe, ila kupiga picha na mimi hakurudi tena, na sikumlaumu.

Tangu siku hiyo kanuni yangu ni nyepesi. Kitu ambacho kitaondoka chenyewe baada ya wiki mbili, kama chunusi, alama ya kung'atwa na mbu, hina iliyochujuka au uzi ulioning'inia kwenye nguo, nafuta bila kuuliza. Kitu ambacho mtu ataamka nacho kesho na mwakani, yaani tatuu, kovu, baka la kuzaliwa, chale au mwanya wa meno, sigusi mpaka mwenyewe aseme. Siyo mama yake, siyo mchumba wake, siyo mimi ninayelipia picha. Mwenyewe.

Na kuuliza kwenyewe kuna namna. Usimwambie "hiyo tatuu tutaitoa eeh?", hapo umeshamwamulia, atasema sawa kwa aibu. Mimi huwa naandika hivi kabla ya siku ya picha: "Dada, picha ni za madera ya shingo pana, mabega yataonekana. Tatuu yako unapenda ionekane, ifunikwe na mtandio, au niifute kwenye picha? Yoyote sawa kwangu, na malipo ni yaleyale." Hayo maneno ya mwisho yana uzito. Modo akidhani atapunguziwa hela kwa kubaki alivyo, jibu lake siyo jibu. Ujumbe unabaki kwenye WhatsApp, una tarehe, kesho hakuna wa kumgeuka mwenzake. Hata sheria iko upande huo: Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Ukiitumia kibiashara uwe na ridhaa yake.

Angalia pia kwamba katika yale machaguo matatu, la mtandio ndilo rahisi kuliko yote. Dakika mbili za kupanga mtandio begani zinakuokolea saa nzima ya kuhariri. Kama modo mwenyewe anataka kuificha kwa vipodozi, ajue kwamba faundesheni peke yake juu ya wino huwa inageuka majivu, kwa sababu wino mweusi ukikaa muda mrefu ndani ya ngozi unavuta kwenye ubuluu au ukijani. Anapaka kwanza rangi ya chungwa iliyokolea ili kuua ule ubuluu, halafu ndiyo faundesheni ya rangi yake, halafu poda.

Haya, sasa tuseme mwenyewe kasema futa. Tufanye kazi.

Mfano nitakaoutumia ni wa mwaka jana. Dada mmoja alikuwa anajiandaa na sendofu, akataka picha yake kubwa ya kuweka mlangoni mwa ukumbi. Mkono wa kushoto, juu, alikuwa na jina la mtu waliyeachana zamani, mwandiko wa kuunganisha herufi, urefu kama kidole cha kati. Akaniambia, "Dada angu, huyu mtu asiingie ukumbini kwangu hata kwa picha." Hapo ridhaa imetoka kwa mwenyewe, sababu ni yake, sina la kuongeza.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuikataa picha aliyonitumia. Alinitumia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, na WhatsApp hupunguza ubora ili picha isafiri haraka. Ukiikuza unaona ngozi imekuwa kama vigae vidogovidogo, vinyweleo hakuna. Ngozi isiyo na vinyweleo haina pa kuazima, na kazi yote ya kufuta tatuu ni kuazima ngozi ya jirani. Nikamwambia aitume tena kama Document, siyo kama picha. Ikaja na ukubwa wake wote.

Wengi mnatumia Snapseed, ile sehemu ya Healing. Kwa chunusi haina mpinzani. Kwa tatuu inakwama, na sababu yake ni hii: Snapseed inajichagulia yenyewe ngozi ya kuazima, wewe huwezi kuiambia "chukua hapa". Doa likiwa dogo inapatia, lakini mstari mrefu wa wino inachukua wino wa herufi ya pili na kuziba herufi ya kwanza. Matokeo yake ni ukungu wa kijivu, kama mtu kasugua mkaa mkononi. Kwa hiyo mimi natumia Photopea. Ni ya bure, inafunguka kwenye kivinjari kwa kuandika photopea.com, huhitaji kuinunua wala kuisakinisha. Tumia kompyuta yenye mausi, hata ya kuazima, maana kwa kidole kwenye kioo utajichosha.

Ukishafungua picha, nenda Layer, halafu Duplicate Layer. Umetengeneza nakala juu ya picha halisi, kama karatasi ya pili juu ya ya kwanza. Unafanya kazi kwenye nakala tu. Ukikosea unaifuta, ya chini iko salama.

Kabla ya kugusa chochote nikakaa nikautazama ule mkono. Hii hatua watu wanairuka. Mkono ni wa mviringo kama chupa. Dirisha lilikuwa upande mmoja, kwa hiyo upande wa dirisha ngozi inang'aa, katikati ni ya wastani, upande wa pili imeingia kivulini. Ukiazima ngozi ya upande unaong'aa ukaibandika kivulini, utapata kiraka cheupe ambacho kila mtu atakiona hata kama hajui kuna kilichofutwa. Azima kwa kufuata urefu wa mkono, kutoka bega kwenda kiwiko, usiazime kwa kukatisha upana wake. Ngozi iliyo juu au chini ya herufi, kwenye mstari uleule wa mwanga, ndiyo ndugu wa ngozi iliyofunikwa na ile herufi.

Kuna vifaa viwili, na watu wanavichanganya. Clone Tool inanakili kitu kama kilivyo, rangi na vinyweleo vyote, na kukibandika. Healing Brush Tool inachukua vinyweleo kutoka unakoazima, lakini rangi inaipatanisha na rangi iliyozunguka pale unapopaka. Inasikika kama hii ya pili ndiyo bora, na ndiyo maana wengi wanakimbilia hiyo. Sasa fikiria: unapaka kwenye mstari wa wino, rangi iliyouzunguka ni ipi? Ni wino uliobaki pembeni. Healing inajipatanisha na wino, unapata doa. Kwa hiyo mpangilio ni Clone kwanza mpaka wino mweusi wote uishe, Healing baadaye kulainisha maungio.

Nikachagua Clone Tool. Unabonyeza Alt na kuclick pale unapotaka kuazima, unaachia, halafu unapaka kwenye wino. Brashi yangu niliifanya ipane kuliko mstari wa wino kwa kama nusu yake: mstari ulikuwa kama pikseli 20, nikaweka brashi ya 30. Ugumu wa kingo, yaani Hardness, kama 50%. Ukiweka 100% kila mguso unaacha duara linaloonekana, ukiweka 0% kingo zinayeyuka na ngozi inakuwa kama plastiki. Nikaanza na mkia wa herufi ya mwisho, pale jina linapoishia kwenye ngozi safi, nikawa naingia ndani kidogokidogo. Ukianzia katikati ya jina, pande zote umezungukwa na wino, huna pa kuazima.

Migusano mifupi. Kila baada ya mitatu minne nabadilisha pa kuazima. Ukizembea hapa utaona kitu cha aibu: kinyweleo kimoja kimejirudia mara tano kwa mstari, kama kanga iliyochapwa. Jicho la mtu linakamata vitu vilivyojirudia haraka kuliko linavyokamata rangi iliyokosewa.

Nilipofika chini ya herufi ya mwisho nikasimama. Palikuwa na kovu la chanjo, lile la kifua kikuu ambalo wengi wetu tunalo juu ya mkono tangu utotoni. Mkia wa herufi ulikuwa umepita juu ya ukingo wake. Ni rahisi sana kulifuta kovu pamoja na wino, brashi ni ileile na hakuna atakayejua. Ila dada aliomba jina litoke, hakuomba mkono mpya. Nikamtumia meseji, "Kovu la chanjo lipo pembeni ya jina, nalo?" Akajibu, "Liache bwana, mama akiliona halipo atasema nimeletewa mkono wa mtu mwingine." Basi nikakuza picha mpaka 300%, nikapunguza brashi mpaka pikseli 8, nikautoa wino juu ya ule ukingo kwa kuazima kutoka upande mwingine wa kovu lenyewe, siyo ngozi laini. Dakika kumi nzima kwa sehemu ya ukubwa wa punje ya mahindi. Vivyo hivyo kwa baka la kuzaliwa au kipele cha siku zote kilicho karibu na tatuu. Kabla sijaanza huwa naandika kwenye karatasi vitu vya kubaki, kwa sababu ukishaanza kupaka mkono unakuwa na tamaa.

Wino mweusi ulipoisha, nikapita na Healing Brush Tool kwenye maungio, sehemu zile viraka vinapokutana. Sasa hakuna wino wa kuivuta, kwa hiyo inafanya kazi yake vizuri.

Bado tatizo moja. Ukitazama kwa mbali, pale palipokuwa na jina kulikuwa na kivuli chepesi cha ubuluu. Hii hutokea sana kwa tatuu za zamani, wino umesambaa kidogo nje ya mstari na macho hayauoni mpaka mstari wenyewe utoke. Kwa weusi wetu ndiyo unatudanganya zaidi, maana tofauti ni ndogo. Usiendelee kupaka Clone, utaharibu vinyweleo. Tengeneza tabaka jipya tupu kwa Layer, New, kisha kwenye orodha inayosomeka Normal chagua Color. Sasa chagua brashi ya kawaida yenye kingo laini, Opacity kama 10% au 15%, shika Alt na uclick kwenye ngozi safi ya jirani ili kuchukua rangi yake, halafu pitisha taratibu juu ya ule ubuluu. Tabaka la Color linabadilisha rangi tu, mwanga na vinyweleo linaviacha. Mguso wa kwanza hautaona kitu, wa nne utaona joto la ngozi linarudi.

Hapa nina neno na baadhi yenu. Katika hatua hii ndipo watu wanamwongezea mtu weupe. Anachukua rangi kutoka sehemu inayong'aa, anapenda inavyoonekana, anaendelea mpaka shingoni, anamaliza usoni. Mteja anapokea picha ya binamu yake wa kufikirika. Rangi unachukua pembeni ya tatuu, unaishia pembeni ya tatuu.

Ukaguzi. Macho yako yameshazoea, hayaaminiki tena. Nenda Layer, New Adjustment Layer, Curves, vuta mstari uwe na mpindo mkali ili picha iwe na weusi na weupe uliozidi. Inakuwa mbaya kutazama, ni kwa muda tu. Viraka vyote vinajitokeza. Mimi niliona ukanda mweupe pale ilipokuwa herufi ya pili. Sababu ni kwamba niliazima karibu mno na bega, ambako mwanga ulikuwa mkubwa. Nikarudi, nikaazima chini yake, ukapotea. Kisha unaifuta ile Curves. Baada ya hapo nageuza picha kulia iwe kushoto, napunguza iwe ndogo kama inavyoonekana kwenye simu, naondoka kunywa maji, narudi. Jicho likienda moja kwa moja pale palipokuwa na tatuu, bado. Likienda usoni, imeisha.

Angalia pia vitu vya pembeni. Kama kuna kioo nyuma ya mtu, tatuu iko kwenye kioo. Kama mkono wa gauni ni wa lesi, wino unachungulia kwenye matundu. Kama picha ziko sita za nguo ileile, umefuta tano, ya sita itakusema.

Kazi yote ilichukua kama dakika hamsini, nikatoza 15,000. Zipo tatuu ambazo nakataa hata kwa hela zaidi. Iliyovimba na kuwa kama kovu nene, ukitoa rangi, uvimbe unabaki na kivuli chake, unabaki na herufi za nyama. Iliyojaza mkono mzima toka bega hadi kifundo, hakuna ngozi ya kuazima, unaanza kubuni mkono. Hapo namwambia mteja tupige picha upya avae mikono mirefu, na picha inatoka nzuri zaidi.

Sasa niseme pale ambapo hata mwenyewe akisema futa, mimi sifuti.

Moja ni picha ya kitambulisho, pasi ya kusafiria, au viza. Picha ile kazi yake ni kusema huyu ndiye yeye. Ikionesha shingo na tatuu ipo shingoni, inabaki.

Ya pili inawahusu wauza vipodozi. Kuna mtu aliniletea picha ya mkono wenye tatuu, akataka niifute ili aweke mbili pamoja, kabla na baada, auze krimu ya kuondoa tatuu. Alinipa dau zuri. Wino wa tatuu uko kwenye tabaka la pili la ngozi, chini ya lile tunaloligusa na linalobanduka kila siku, ndiyo maana hautoki kwa kuoga miaka ishirini. Krimu ya kupaka juu haifiki huko. Ikiwa kali inachubua na kuunguza ngozi iliyo juu, wino unabaki palepale chini ya kidonda. Kinachovunja ule wino ni mashine ya leza ya daktari wa ngozi, tena kwa awamu nyingi zenye mapumziko katikati. Nikamwambia hiyo picha yako ya "baada" nitaitengeneza mimi kwa Clone Tool, mnunuzi ataitengeneza kwa nini? Akaondoka. Niliona tangazo lake baadaye, alipata mwingine wa kumfutia. Ukiangalia vizuri kinyweleo kimejirudia mara nne.

Ya tatu ni ya marehemu, na hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu wa kuulizwa hayupo.

Kaka mmoja, mjukuu, alinitumia picha ya zamani ya bibi yake, Mmakonde wa upande wa Newala. Picha ya karatasi, nyeusi na nyeupe, imekunjwa, ina mipasuko. Alitaka ya kuweka kwenye fremu kubwa kwa ajili ya arobaini. Akaandika: "Safisha yote dada, mikwaruzo na hizo alama za usoni, awe msafi."

Hizo alama za usoni zilikuwa chale. Wamakonde, wa Mtwara na wa kule ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, walikuwa wanachanja ngozi na kusugua masizi kwenye mchanjo, kidonda kikipona kinabaki na mistari ya weusi unaovutia kwenye ubuluu. Wenyewe wanaziita dinembo. Ni tatuu kabisa, tena za kabla hatujalijua neno tatuu. Mistari ya pembe pembe mashavuni na kwenye paji, kila mchoro umepangwa, na aliyechanjwa alivumilia maumivu ili aitwe mtu mzima wa kwao. Hata vinyago vya mapiko vinavyochezwa kwenye ngoma zao, uso wa kinyago huwekewa alama hizohizo, kwa sababu bila hizo huo siyo uso wa Mmakonde. Siku hizi wanaobaki nazo ni wazee sana.

Nikampigia simu, sikuandika. Nikamuuliza, "Kaka, bibi aliwahi kusema anazichukia?" Akanyamaza. Akasema hapana, ila yeye shuleni walikuwa wanamcheka kwa sababu ya bibi. Nikamuuliza tena, "Mtoto wake mkubwa aliye hai ni nani?" Akasema shangazi, yuko Newala. Nikamwomba amuulize shangazi kabla sijafanya lolote, maana picha ni ya familia nzima, siyo ya mlipaji peke yake. Nikamwambia wazi kwamba nitasafisha karatasi, na chale sitazigusa mpaka shangazi aseme.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, sauti ya shangazi yenyewe kwenye WhatsApp, kali kidogo: "Mkifuta hizo, mtaweka picha ya nani?"

Basi nikaanza kazi, na ugumu wake ulikuwa kinyume cha kawaida. Safari hii alama ndizo zibaki na vilivyozunguka vitoke. Mstari wa mkunjo wa karatasi ulipita juu ya shavu, katikati ya chale. Utatofautishaje? Nilitumia vitu vitatu. Mkunjo wa karatasi hauheshimu uso, unatoka shavuni unaendelea mpaka ukutani nyuma, wakati chale inaishia kwenye uso. Chale zina pacha: iliyopo shavu la kulia ina mwenzake la kushoto, mpasuko hauna. Na chale zinafuata umbo la uso, zinapinda shavu linapopinda na kuingia kivulini pamoja na ngozi, lakini mkwaruzo wa karatasi unabaki na weupe uleule mahali pote, kwenye mwanga na kwenye kivuli.

Pale ambapo mkunjo ulikuwa umekata chale moja vipande viwili, nilikopa kutoka kwenye chale ileile, juu ya mpasuko, nikashusha chini mpaka ikaungana. Sehemu moja karibu na sikio karatasi ilikuwa imebanduka kabisa na sikujua mchoro uliendeleaje. Ningeweza kuchukua wa upande wa pili nikaugeuza, ungependeza. Sikufanya hivyo, kwa sababu sijui kama pande zote mbili alichanjwa sawasawa mpaka mwisho. Nikaacha pale pakiwa na ukungu mwepesi, nikamweleza kaka kwa nini.

Nilimtumia faili mbili, moja ya kuchapa na moja ndogo ya kutuma kwa simu, na picha halisi nikamrudishia kwenye bahasha ngumu. Wiki ya arobaini ilipopita akanitafuta tena, akaagiza kopi tatu zaidi, mbili za Newala na moja ya sebuleni kwake.